Fundi wa friji kutoka Bukavu anatafuta kazi Malindi

"Mama shikamoo. Mimi ni mkimbizi natoka Bukavu, Kongo, niko Malindi kwa dada yangu. Kule nilisoma ufundi wa baridi, niko na diplome ya serikali, na nilifanya kazi miaka nane kwa vyumba vya baridi na mafriji. Hapa kila hoteli inaniambia vyeti vyangu havitambuliki Kenya. Mmoja aliniambia niende KNQA, mamlaka ya kutambua vyeti, mwengine aliniambia nirudi shule, na kuna mtu anasema atanitolea pemiti kwa elfu ishirini na tano. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote. Huyo wa elfu ishirini na tano muache leo leo, usimpigie tena simu. Pemiti ya kazi ya mkimbizi inaitwa Klasi M, na serikali haitozi ada yoyote kwa hiyo klasi, ni bure. Mtu akikuuzia kitu cha bure basi moja kati ya mawili, ama anachukua pesa yako anapotea, ama anakuletea karatasi feki, na hiyo karatasi siku ikikaguliwa anayeshikwa ni wewe na bosi aliyekuajiri, yeye hayuko.

Sasa tuje kwa hizo hoteli. Mimi nimekaa miaka mingi kwa mambo ya kuajiri watu wa hoteli huku kwetu, Malindi na Watamu, na nakwambia hilo neno "vyeti havitambuliki" watu wanalitumia kwa mambo matatu tofauti halafu wewe unasikia moja. La kwanza, anaogopa uhamiaji, manake sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inamshtaki mwajiri anayeajiri mgeni asiye na kibali. La pili, hajui kama kazi unaiweza, diploma yako iko kwa Kifaransa na yeye hawezi kuisoma. La tatu, anajiuliza siku chumba cha baridi kikizima na samaki wa laki mbili waharibike, bosi akiuliza nani alimuingiza huyu fundi, yeye atasema nini. Kila moja ina dawa yake, na ukipeleka dawa ya la pili kwa mtu mwenye la kwanza utazunguka mwaka mzima. Kwa hivyo kesho ukiambiwa hivyo tena, uliza kwa adabu, "bosi, ni pemiti au ni cheti cha ufundi?" Wengi watakwambia ukweli.

Nianze na cheti. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema mkimbizi aliyetambuliwa anaweza kufanya kazi, biashara, au taaluma yake pale ambapo ujuzi wake umetambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Hapo kwa "mamlaka husika" ndipo watu wanapotea. Muuguzi hana njia ya mkato, lazima apite kwa baraza la wauguzi, mwalimu lazima tume ya walimu, TSC, daktari, injinia, hao wote wana baraza lao na bila jina lako kuwa kwa rejista yao huwezi kugusa kazi. Fundi wa friji na AC kwa kawaida mwajiri hamuulizi rejista ya aina hiyo. Kwako wewe mwajiri hahitaji diploma ya Bukavu ilinganishwe na ya Kenya, anachotaka ni karatasi ya Kenya inayosema huyu mtu amepimwa kwa mikono akaonekana anajua. Na hiyo karatasi ipo, ni tredi testi ya gavamenti inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda.

KNQA si kwamba ni wabaya, kazi yao ni hiyo hiyo ya kutambua vyeti vya nje. Lakini angalia wanavyofanya: unapeleka diploma na matokeo, yametafsiriwa na mfasiri anayekubalika, halafu wao wanatakiwa wahakikishe na waliokitoa kwamba ni cha kweli. Bukavu imeshikwa na waasi wa M23 tangu Februari 2025. Hebu niambie hapo nani atajibu barua ya kutoka Nairobi, mkuu wa shule yako yuko? rejista ziko? Ombi linaweza kukaa tu linangoja jibu, na wewe umelipa mfasiri na ada na bado uko kwa dada. Ikifika siku unataka kuingia chuo kusoma diploma ya juu zaidi, hapo KNQA utawahitaji, na ile diploma ihifadhi vizuri sana kwa ajili hiyo. Kwa kupata kazi ya mwanzo si mlango wako.

Tredi testi iko ngazi tatu, Gredi ya III ndiyo ya chini, halafu II, halafu I. Kwa kawaida mtu anapanda moja moja. Najua fundi wa miaka nane kuambiwa aanze Gredi ya III anaona kama anatukanwa, lakini mwanangu ifanye, manake Gredi ya III haikuulizi ulisoma wapi, inakuuliza unajua nini, na ukishakuwa nayo unakuwa mtu anayesomeka kwa faili la ofisi. Usajili ni kwa misimu, mtihani hauko kila wiki, na dirisha la kujisajili linafungwa mapema kabla ya mtihani wenyewe, kwa hivyo la kwanza ujue tarehe ya msimu unaokuja. NITA wana kituo Mombasa, na vyuo vya ufundi vingi huwa ni vituo vya mtihani, nenda chuo cha ufundi kilicho karibu nawe uulize kama wana kituo cha friji na AC hasa, manake chuo kinaweza kuwa na kituo cha ushonaji au uashi lakini hakina vifaa vya friji. Uende na kadi yako ya mkimbizi. Karani akikwambia mtihani ni wa Wakenya tu usibishane naye, omba kuonana na mkubwa wake na umwambie kwa upole kwamba Kakuma vijana wa chuo cha Don Bosco, wakimbizi watupu, wanafanya mitihani ya NITA tangu zamani.

Kinachowaangusha mafundi wazuri kwa ule mtihani si kutojua kazi. Ni mazoea. Fundi wa miaka mingi ana njia zake za mkato, anasafisha bomba kwa gesi ile ile ya friji, anajaza gesi kwa kusikiliza sauti na kugusa bomba kama limepoa, anaruka vakyum kwa sababu pampu iko mbali. Mtahini anataka kuona hatua: nitrojeni kwanza kutafuta pengo, povu la sabuni kwa maungio, halafu vakyum mpaka sindano itulie na ukifunga vali isirudi, ndipo gesi, na gesi unaipima kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwa kibandiko cha mashine. Ukate shaba kwa kikata bomba, si kwa msumeno, manake vumbi la shaba linaingia kwa kompresa. Na la pili ni lugha. Wewe vifaa unavijua kwa Kifaransa, maswali hapa ni kwa Kiingereza, kwa hivyo kaa na kijana wa warsha jioni mbili tatu mshike kifaa kimoja kimoja akutajie na wewe uandike kwa daftari na mchoro pembeni.

Kitu kimoja zaidi hapo, Bukavu ni mlimani, ni baridi, AC za ukutani najua si nyingi. Huku pwani AC ndiyo mkate wa fundi, na shida yake ni chumvi. Ile mashine ya nje ikikaa karibu na bahari mapezi yake ya alumini yanaliwa na hewa ya chumvi mpaka yanakuwa unga, upepo haupiti, joto halitoki, presha inapanda, kompresa inajizima, na fundi asiyejua anaongeza gesi anaimaliza kabisa. Umeme nao ukishuka jioni kapasita zinakufa. Hayo yajue kabla ya intavyuu yoyote, manake utaulizwa. Ila pia jua mpaka wako: kufunga AC mpya ni kazi yako, lakini kuvuta laini mpya ya umeme kutoka kwa bodi mpaka kwa hiyo AC ni kazi ya fundi umeme mwenye laisensi ya EPRA, mamlaka ya nishati. Usiiguse hata bosi akikusukuma, sema wazi kwamba hiyo sehemu inahitaji mtu wa laisensi. Mkuu wa mentenansi mzuri akisikia hivyo anakuheshimu zaidi.

Tuje kwa pemiti sasa, hili ndilo zito. Kwanza angalia karatasi zako zinasema umesajiliwa wapi. Kama umesajiliwa kambini Kakuma au Dadaab na uko Malindi bila ruhusa ya kusafiri, hilo lishughulikiwe kabla ya yote, manake hata ukiwa na tredi testi tatu polisi wa kizuizi hawataki kujua. Nenda ofisi ya DRS, idara ya huduma za wakimbizi, inayoshika faili lako, Mombasa iko ofisi. Ukiwa hapo hapo omba barua ya kuthibitisha kwamba wewe ni mkimbizi uliyetambuliwa, kwa ajili ya kuomba Klasi M. Kama bado uko kwa hatua ya kuomba hifadhi na hujapewa uamuzi, Klasi M haijafika kwako, sukuma faili lako kwanza.

Ombi lenyewe linaingizwa onlaini kwa huduma za wageni za uhamiaji, na kati ya vitu wanavyotaka ni ile barua ya DRS, kitambulisho chako cha mkimbizi, picha, na barua ya mwajiri inayosema anataka kukuajiri kazi gani, na kama unajiajiri basi cheti cha usajili wa biashara. Hiyo barua ya mwajiri ndiyo watu wanakwama, hoteli inasema leta pemiti tukupe kazi, uhamiaji wanasema leta barua ya kazi tukupe pemiti. Njia ya kutoka ni barua yenye sharti. Mwambie mkuu wa mentenansi sikuombi unipe kazi leo, nakuomba barua isemayo kwamba hoteli iko tayari kuniajiri kama fundi wa friji na AC pindi nitakapopata kibali. Hiyo haimfungi kwa chochote, hajavunja sheria yoyote, na meneja anaweza kuisaini bila kuogopa. Nimeona hoteli zilizokataa katakata kwa mdomo zikatoa barua ya aina hiyo siku hiyo hiyo, kwa sababu wamefafanuliwa kwamba hawaajiri mtu leo. Ukishatuma, inachukua miezi, weka nakala ya kila kitu na namba ya ombi, na usiache diploma halisi kwa ofisi yoyote wala kwa mwajiri yeyote, onyesha halisi acha nakala.

Watu watakuambia pia kwamba Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 kwa hivyo achana na ukimbizi ufanye kazi kama raia wa jumuiya. Kweli ile sheria ya 2021 inaruhusu mkimbizi wa nchi ya jumuiya kuacha hadhi yake kwa hiari ili apate faida za mkataba. Lakini ukishaiacha umeacha pia ule ulinzi wa kutorudishwa kwenu, na Bukavu unaijua ilivyo sasa kuliko mimi. Usilifanye hilo kwa ajili ya kazi moja ya hoteli bila kukaa na wakili, na wako wa bure, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa, na RCK nao kazi yao ni wakimbizi.

Sasa hapo katikati, unangoja msimu wa mtihani, unangoja pemiti, mkono unawasha. Usifungue biashara ya kutengeneza friji mtaani kimya kimya, kujiajiri pia kunahitaji kibali. Tafuta warsha iliyosajiliwa na uombe kukaa kama mtu anayejiandaa na tredi testi, kwa mpango unaopita chuo ikiwezekana, kazi inachukuliwa na mwenye warsha, risiti ni yake, wewe unajifunza vifaa vya huku. Na hapo ndipo unaanza daftari lako la kazi, na hili ndilo linalojibu lile swali la tatu la mwajiri, la nani atawajibika.

Nikupe mfano jinsi ukurasa mmoja unavyokuwa. Tuseme mnaitwa buchari Maweni, friza haigandishi, na mwenyewe anasema kila mwezi fundi anakuja anaongeza gesi anaondoka. Usianze na gesi. Unaandika tarehe, aina ya mashine, na joto la ndani ulilokuta, tuseme nyuzi nne chini ya sifuri wakati inatakiwa iwe kumi na nane chini. Unaangalia raba ya mlango kwa kubana karatasi, inashika. Unaangalia feni na koili ya nyuma, ina mafuta na vumbi, unasafisha, joto linashuka kidogo halafu linakwama. Unapima volti kwa soketi friza ikiwa inafanya kazi, iko sawa. Ndipo unafunga geji, presha iko chini, gesi imepungua kweli, lakini gesi haiishi yenyewe kama mafuta ya gari, ikipungua imetoka mahali. Nitrojeni, povu, unalikuta pengo kwa ungio la draya. Mnabadilisha draya, mnachoma upya, vakyum, gesi kwa mizani. Kesho asubuhi unarudi na kipimajoto: kumi na nane chini. Unaandika, unapiga picha ya lile pengo na ya kipimajoto, mwenye buchari anaandika jina na namba yake hapo chini kwa ridhaa yake. Ukurasa mmoja huo unasema mengi kuliko sivii ya kurasa nne, manake mkuu wa mentenansi akisoma anaona mtu anayefuata chanzo, na yeye kila mwezi analipia gesi kwa watu wasiofuata chanzo.

Kurasa tano sita za namna hiyo zinatosha. Hata friji ya dada yako na ya jirani, ukirekebisha bila malipo, iandike vile vile. Na kazi za Bukavu ziandike pia kwa kumbukumbu, ukubwa wa chumba cha baridi, kilikuwa cha nini, kompresa ya aina gani, lakini ziweke peke yake usizichanganye na za huku zenye mtu wa kupigiwa.

Kuhusu wapi pa kwenda, mimi naona unaanzia pabaya. Unabisha hodi hoteli kubwa kwa ofisi ya wafanyakazi, pale unapimwa kwa faili, na faili ndiyo udhaifu wako. Nguvu yako ni vyumba vya baridi, na Malindi ni mji wa samaki. Wanunuzi wa samaki, wenye mashine za barafu, mabuchari, wauza nyama wa jumla, mahoteli yenye jiko kubwa, hao ndio wanaolia chumba kikizima. Lamu zaidi, manake mashine ikiharibika Shela au Lamu mjini mara nyingi fundi anaitwa kutoka Mombasa, spea zinavuka kwa boti kutoka Mokowe, mwenye hoteli analipa siku za safari na malazi kabla hata bomba halijaguswa. Fundi anayekubali kukaa Lamu na anajua vyumba vya baridi anasikilizwa haraka kuliko Malindi ambako mafundi wa AC wamejaa. Lifikirie kama huna watoto shuleni hapo, ila mpango wa kuhamia upitie DRS kwanza.

Na wakati una maana sana. Desemba na Januari, na tena Julai na Agosti, hoteli zimejaa, mkuu wa mentenansi anazima moto tu, hana dakika ya mtu mpya. Masika, Aprili mpaka Juni, nyingi zinafunga au zinapunguza vyumba, na hapo ndipo AC zinashushwa, zinaoshwa, zinabadilishwa. Watu wa hiyo kazi wanatafutwa kuanzia Machi. Kwa hivyo mwezi wa pili, mwisho mwisho, nenda moja kwa moja kwa mkuu wa mentenansi, kwa lango la nyuma la wafanyakazi, mida ya saa nne asubuhi simu za kwanza za wageni zikiwa zimepoa, Ijumaa usiende. Nenda na daftari, cheti cha Gredi ya III au risiti ya usajili wa mtihani, na ile rasimu ya barua yenye sharti umeshaichapa, abaki kuipeleka kwa meneja isainiwe.

Wakitaka wakujaribu, kubali baada ya pemiti, na iwe siku moja kwa mashine moja, ikiwezekana ile iliyowashinda. Ukiambiwa majaribio ya wiki tatu bila malipo shukuru uondoke, hiyo ni kazi ya masika wanataka ifanywe bure. Pemiti ikitoka, chukua PIN ya kodi ya KRA, NSSF ya pensheni na SHA ya matibabu, manake hivyo vitatu ndivyo mhasibu atakuuliza siku ya kwanza na bila hivyo mshahara wako utakaa kwenye faili la "wanaosubiri". Ukifika kwa NITA wakikusumbua na ile kadi niandikie tena, uniambie ni chuo gani na walisema nini hasa.